Kasindi: nguo kumi na mbili za harusi, na hesabu ya ushuru kwa faranga

BENI – Msafiri wa Butembo anayerudi kutoka Dubai hufika nyumbani kwa hatua nyingi. Anashuka Entebbe, anapanda basi Kampala, anapita Fort Portal na Kasese, kisha anafika Mpondwe, upande wa Uganda. Anavuka mpaka wa Lubiriha na kuingia Kasindi, upande wa Kongo. Mbele yake zimebaki kama kilomita 80 hadi Beni, na nyingine zaidi ya 50 hadi Butembo. Lakini kabla ya barabara hiyo kuna meza ya forodha, na hapo ndipo valizi hufunguliwa.

Swali la kwanza la afisa huwa fupi: "Mama, hivi vyote ni vyako?"

Jibu la swali hilo ndilo huamua kama msafiri atapita na mzigo wake bure, atalipia sehemu yake, au atalipia wote kama mfanyabiashara. Wengi hulijibu bila kujua kinachopimwa. Wengine wamesikia Kampala kwamba mtu anaruhusiwa vitu vya dola 500 bila ushuru, wakafika Kasindi wakidai haki hiyo, na ubishi ukaanzia hapo. Wengine wanajua ushuru ni asilimia 20 na kodi ya TVA ni 16, wanajumlisha 36, kisha wanashtuka karatasi inapodai zaidi ya hiyo.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ina hatua nne, na kila hatua ina mahali ambapo msafiri anaweza kupoteza pesa.

Mfano wa mama wa harusi

Tumchukue mama mmoja wa Butembo, wa mfano tu, ambaye dada yake anaolewa. Familia imechanga pesa, na yeye amekwenda Dubai kununua sare. Anarudi na valizi mbili. Ya kwanza ina nguo zake mwenyewe alizovaa safarini, sabuni, dawa zake za presha na simu anayoitumia. Ya pili ina nguo 12 mpya za rangi moja, kila moja dola 60, na jozi sita za viatu, kila jozi dola 30. Nguo ni dola 720, viatu ni dola 180, jumla dola 900. Uwanja wa ndege wa Dubai alilipa dola 100 kwa kilo zilizozidi.

Mama huyu hafanyi biashara. Hakuna hata nguo moja atakayoiuza. Lakini afisa aliye mbele yake haoni harusi. Anaona nguo 12 zinazofanana, zikiwa bado kwenye mifuko ya dukani, saizi tofauti, na mtu mmoja.

Hapa ndipo mstari unapochorwa. Valizi ya kwanza haina tatizo. Vitu vilivyotumika, vya mtu mwenyewe, vya kiasi kinachoeleweka kwa safari yake, si bidhaa. Valizi ya pili ndiyo yenye maswali, kwa sababu forodha karibu kila mahali duniani hupima vitu viwili kabla ya kupima bei: wingi wa kitu kimoja, na kama kitu kinakwenda kwa mtu mwingine.

Dola 500 za nani?

Kiwango cha dola 500 ambacho watu wengi wa Beni na Butembo wanakitaja kinatoka kwenye sheria ya usimamizi wa forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, inayotumika Uganda, Kenya, Tanzania na nchi nyingine za Jumuiya. Sheria hiyo ilimruhusu msafiri aliyekaa nje ya nchi za Jumuiya zaidi ya saa 24 kuingia na vitu vya thamani isiyozidi dola 500 bila kulipa ushuru, mradi avitamke kwa afisa. Ushuru hutozwa kwa kile kinachozidi. Kiasi hicho si cha milele, kwa kuwa mawaziri wa Jumuiya wana uwezo wa kukibadilisha, na mwishoni mwa mwaka 2023 kilizua mjadala mkubwa Kenya, wasafiri wakilalamika kwamba dola 500 haitoshi hata kwa kompyuta moja.

Lakini kuna sharti ambalo halisemwi sana kwenye stendi za mabasi. Msamaha huo ni wa mzigo wa msafiri kwa matumizi yake au ya nyumba yake. Sheria hiyohiyo inaondoa kwenye msamaha vitambaa ambavyo bado ni jora, na bidhaa za biashara au zinazokusudiwa kuuzwa au kupewa watu wengine. Kwa hiyo hata kama mama wetu angekuwa mkazi wa Kasese, afisa wa Uganda angeweza kumwambia kwamba nguo 12 za watu 12 si mzigo wake binafsi, na msamaha usiziguse.

Jambo la pili ni kwamba mama huyu si msafiri anayerudi Uganda. Anapita tu. Mzigo wake unaingia Entebbe ili utoke Mpondwe, na msamaha wa Uganda haumfuati kuvuka mpaka. Kwa mzigo mkubwa wa kibiashara, kupita huko hufanyika kwa karatasi za transiti na dhamana, ili bidhaa isije ikauzwa njiani bila kulipiwa. Kwa msafiri wa valizi mbili, la muhimu ni kusema mapema, pale Entebbe, kwamba anakwenda Kongo, na kutunza tiketi na karatasi yoyote anayopewa. Akinyamaza, anaweza kuhesabiwa kama mtu anayeleta bidhaa Uganda, na kisha kuhesabiwa upya Kasindi kama mtu anayeleta bidhaa Kongo.

Jambo la tatu ndilo linalowachanganya wengi zaidi. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022: mkataba ulitiwa saini mwezi Aprili, na hati za kuuridhia zikakabidhiwa mwezi Julai. Tangu hapo wasafiri huuliza kwa nini bado wanalipa Kasindi ilhali "tuko Jumuiya moja". Jibu liko kwenye asili ya bidhaa. Nguo zilizonunuliwa Dubai hazikutengenezwa Uganda wala Kenya. Zinatoka nje ya Jumuiya, na bidhaa ya nje hulipiwa hata ndani ya Jumuiya yenyewe. Kasindi, kinachotumika ni sheria ya forodha ya Kongo ya tarehe 20 Agosti 2010, pamoja na jedwali la viwango vya ushuru la nchi.

Kwa hiyo swali linalofaa kuulizwa Kasindi si "dola 500 zangu ziko wapi?" Swali linalofaa ni: "Papa, katika vitu hivi, vipi mnavihesabu kuwa vyangu na vipi mnavihesabu kuwa bidhaa, na kiwango cha msamaha mnachotumia leo kiko kwenye andiko gani?" Hilo huulizwa kwa heshima, na huulizwa kabla hesabu haijaanza. Baada ya thamani kuandikwa kwenye karatasi, kuitoa ni kazi kubwa zaidi.

Hatua ya kwanza: thamani si bei ya dukani peke yake

Tuseme afisa ameamua kwamba valizi ya pili yote inalipiwa. Mama anatoa ankara ya duka la Dubai. Imeandikwa kwa dirham: 3,305. Dirham ya Emirati imefungwa kwa dola tangu miaka mingi, dola moja ikiwa dirham 3.6725, hivyo ankara hiyo ni sawa na dola 900. Kwa dirham, ubishi wa kubadilisha ni mdogo. Kwa yuan ya China, ambayo hupanda na kushuka, tarehe ya ankara na tarehe ya kufika Kasindi zinaweza kutoa majibu tofauti.

Kosa la kawaida ni kubadilisha mara nyingi. Mtu anageuza dirham kuwa shilingi za Uganda kwa kiwango alichobadilishia Kampala, kisha shilingi kuwa dola, kisha dola kuwa faranga. Kila mbadilishaji wa pesa ana faida yake ndani ya kiwango chake, na faida hizo zote huingia kwenye "thamani" ya mzigo, ingawa bidhaa haikubadilika. Njia safi ni kwenda moja kwa moja: kutoka pesa iliyoandikwa kwenye ankara hadi faranga, kwa kiwango rasmi.

Dola 900 si mwisho. Thamani ya forodha nchini Kongo ni thamani ya kitu kikiwa kimefika mpakani, yaani bei yake pamoja na usafiri na bima. Ndiyo maana dola 100 za kilo zilizozidi zinaweza kuingia kwenye hesabu. Kwa mfano wetu, thamani inakuwa dola 1,000.

Hapa mama ana haki ya kutazama jambo moja. Ikiwa kilo zilizozidi zilikuwa za valizi zote mbili, si sawa dola 100 zote kubebeshwa nguo za harusi peke yake. Sehemu ya valizi ya nguo zake za kuvaa inapaswa kubaki nje. Risiti ya shirika la ndege, yenye idadi ya kilo, ndiyo inayomsaidia kusema hivyo.

Na asiye na ankara? Afisa hawezi kuacha thamani wazi. Atatafuta bei ya bidhaa inayofanana iliyoingia siku za karibuni, na bei hiyo inaweza kuwa juu ya ile iliyolipwa sokoni Deira baada ya kubembelezana. Ankara iliyoandikwa bei ya chini kupita kiasi nayo huishia huko huko: ikionekana haiaminiki, huwekwa kando, na mwenye nayo anabaki bila karatasi ya kumtetea, tena akiwa na hatari ya faini kwa tamko la uongo.

Hatua ya pili: kiwango cha faranga ni cha siku gani?

Ushuru wa Kongo huandikwa kwa faranga. Dola 1,000 za mama lazima zigeuzwe, na kiwango kinachotumika ni cha Benki Kuu ya Kongo, kwa siku ambayo tamko linasajiliwa. Si kiwango cha siku aliyonunua Dubai, si cha siku aliyotua Entebbe, na si cha kijana mwenye kibunda cha noti pembeni ya barabara Kasindi.

Tuseme siku hiyo kiwango ni faranga 2,300 kwa dola moja. Namba hii ni ya mfano tu. Thamani ya mzigo ni 1,000 mara 2,300, yaani faranga 2,300,000.

Kwa miaka mingi jambo hili halikuwashughulisha watu sana, kwa sababu faranga ilikuwa ikishuka polepole upande mmoja. Mwezi Oktoba 2025 mambo yaligeuka. Ndani ya wiki chache faranga ilipata nguvu ghafla, dola ikishuka kutoka karibu 2,800 hadi chini ya 2,400. Mtu aliyetoka nyumbani akiwa amepanga pesa zake kwa kiwango kimoja alirudi akikuta kingine.

Je, faranga ikipanda, ushuru unapungua? Kwa faranga, ndiyo: namba kwenye karatasi inakuwa ndogo. Kwa dola zilizo mfukoni, hapana. Ushuru ni asilimia ya thamani, na thamani ilianza kwa dola. Kiwango kikiwa 2,800 au 2,300, msafiri mwenye dola hutoa dola zilezile, ikiwa ataweza kuzibadilisha kwa kiwango kilekile ambacho forodha imetumia.

Hilo "ikiwa" ndilo lenye gharama, na tutalirudia baada ya kumaliza hesabu.

Hatua ya tatu: kodi juu ya ushuru

Jedwali la ushuru la Kongo, lililowekwa kwa sheria ya Septemba 2012, lina ngazi kuu tatu kwa bidhaa zinazoingia. Asilimia 5 ni kwa vifaa vya kazi, malighafi na mahitaji ya kilimo. Asilimia 10 ni kwa vyakula vinavyotumiwa na wengi, vipuri na mahitaji ya viwanda. Asilimia 20 ni kwa nguo, samani, sigara na bidhaa nyingine zilizokamilika. Nguo za harusi na viatu viko kwenye ngazi ya juu.

Ushuru wa mama ni asilimia 20 ya 2,300,000, yaani faranga 460,000.

Kisha inakuja TVA, kodi ya ongezeko la thamani, iliyoanza kutozwa nchini Januari 2012 kwa asilimia 16. Hapa ndipo wanaojumlisha 20 na 16 hukosea. TVA haihesabiwi juu ya thamani ya mzigo peke yake. Inahesabiwa juu ya thamani pamoja na ushuru uliokwisha kuongezwa. Msingi wake ni 2,300,000 jumlisha 460,000, yaani 2,760,000. Asilimia 16 ya hiyo ni faranga 441,600.

Ushuru na TVA kwa pamoja ni faranga 901,600. Kwa kiwango cha 2,300, hizo ni dola 392. Kwa maneno mengine, kwenye ngazi ya asilimia 20 msafiri halipi 36 kwa mia. Analipa 39 na senti 20. Tofauti hiyo, dola 32 kwa mzigo huu, si wizi wala makosa ya afisa. Ni namna kodi ilivyojengwa.

Namba hiyo ya 39.20 inafaa kukumbukwa kwa sababu nyingine. Kila dola 100 ya thamani inayoondolewa kwenye hesabu kwa haki, iwe kwa msamaha wa msafiri, iwe kwa kutenga viatu viwili vilivyo vya mama mwenyewe, iwe kwa kugawa vizuri gharama ya kilo, inapunguza malipo kwa dola 39 na senti 20. Kwa kiwango chetu ni faranga 90,160. Ndiyo maana mazungumzo ya mwanzo, ya nini ni chako na nini ni bidhaa, yana uzito kuliko kubembeleza mwishoni.

Msamaha wenyewe, unapotolewa, hutolewa kwenye thamani kabla ya asilimia kuanza kuhesabiwa. Hauondolewi kwenye jumla ya kodi mwishoni, na msafiri anayeomba "mnitolee dola 100 kwenye kodi" anaomba kitu ambacho hesabu haina mahali pa kukiweka.

Na ngazi ya ushuru? Hiyo nayo huamuliwa kwa kitu kimoja kimoja. Kama katika valizi kungekuwa na kipuri cha mashine ya kusaga, hakipaswi kufagiwa pamoja na nguo kwenye asilimia 20 kwa sababu tu viko sanduku moja. Kwenye asilimia 10, pamoja na TVA, mzigo wote wa kodi ni 27.6 kwa mia. Kwa asilimia 5 ni 21.8. Msafiri mwenye vitu vya aina mbili anaomba viandikwe mistari miwili.

Hatua ya nne: kulipa, na pengo la viwango viwili

Sasa mama ana karatasi ya faranga 901,600, na mkobani ana dola. Ikiwa atapata faranga 2,300 kwa kila dola, atatoa dola 392. Lakini tuseme wabadilisha pesa wa mpakani siku hiyo wananunua dola kwa 2,200. Kugawa 901,600 kwa 2,200 kunatoa karibu dola 410. Amepoteza dola 18, na hakuna aliyemwongezea kodi hata faranga moja. Pengo liko kati ya kiwango kilichotumika kuandika deni na kiwango alichotumia kulilipa.

Pengo hilo linaweza pia kumfaidi. Wabadilishaji wakinunua dola kwa 2,400, deni lilelile linalipwa kwa dola 376. Wakati pesa imetulia, tofauti ni ndogo. Wakati inaruka kama ilivyokuwa Oktoba 2025, barabara na benki hazisogei kwa pamoja, na msafiri hujikuta katikati.

Kwa hiyo kuna mambo mawili ya kuuliza kabla ya kubadilisha dola. La kwanza: kiwango gani kimeandikwa kwenye karatasi ya forodha? La pili: je, benki inayopokea malipo inakubali dola, na kwa kiwango gani? Anayebadilisha pesa zote mara tu anapovuka daraja, kabla ya kujua deni lake, amechagua kiwango bila kujua anakilinganisha na nini.

Upande wa Uganda utaratibu ni tofauti kidogo: mamlaka ya mapato ya huko hutangaza kiwango cha forodha kwa mwezi mzima, kwa hiyo msafiri anayelipa huko anaweza kukijua kabla hajatoka nyumbani. Aliyezoea utaratibu huo asidhani namba ya mwezi uliopita ndiyo itakayomsubiri Kasindi.

Nani anaruhusiwa kuomba pesa mpakani

Hesabu yote hiyo haina maana ikiwa pesa zinakwenda mkononi badala ya kwenye karatasi. Amri ya serikali ya tarehe 28 Machi 2002 ilitaja idara nne tu zinazoruhusiwa kufanya kazi kwenye mipaka ya Kongo: forodha, ambayo leo ni DGDA; OCC, inayokagua ubora na wingi wa bidhaa; DGM, ya uhamiaji; na huduma ya usafi na afya mipakani. DGDA yenyewe iliundwa Desemba 2009 kuchukua nafasi ya OFIDA ya zamani, na ndiyo inayohesabu ushuru na TVA. Mtu wa idara nyingine anayesimama mbele ya valizi akidai "chake" anapaswa kuonyesha andiko linalompa mamlaka hayo.

Panapo ada nyingine halali, kwa mfano ya ukaguzi, inapaswa kuwa na mstari wake wenye jina na kiasi. Isifichwe ndani ya jumla moja isiyoelezeka.

Karatasi nzuri inaweza kukaguliwa kwa dakika mbili, papo hapo. Msafiri anatafuta thamani kwa pesa ya kigeni, kiwango cha kubadilisha, thamani kwa faranga, asilimia ya ushuru kwa kila aina ya bidhaa, ushuru wenyewe, TVA, tarehe na namba. Kisha anachukua simu na kufanya hesabu mbili tu. Thamani ya kigeni mara kiwango: je, inatoa faranga zilizoandikwa? Thamani jumlisha ushuru, mara 16, gawa kwa 100: je, inatoa TVA iliyoandikwa? Zikikubaliana, hesabu ni safi, na kilichobaki kujadiliwa ni thamani au aina ya bidhaa. Zisipokubaliana, kosa liko mbele ya macho, na linaonyeshwa kwa kidole kabla ya kulipa.

Ipo pia njia ambayo wengi huipenda kwa haraka yake. Mtu anasogea na kusema: "Mama, toa dola 100 tu, upite, basi linakungoja." Kwa mama wetu ni kama kuokoa dola 292. Lakini nguo zake zinaondoka Kasindi bila karatasi, na barabara ya kwenda Beni ina vizuizi. Kila atakayeifungua valizi ile ataona nguo 12 mpya zisizo na risiti, na kwa sheria bidhaa isiyoweza kuonyesha kwamba imelipiwa inaweza kuchukuliwa kuwa ya magendo, ikakamatwa pamoja na faini. Anayeomba dola 20 kwenye kizuizi anajua hilo, na ndiyo sababu anaziomba. Hadi Butembo, mia moja ya mwanzo inaweza kuwa imezaa nyingine, na bado nguo hazina karatasi.

Njia nyingine ya mkato ni kugawa nguo kwa abiria wenzake, kila mmoja abebe mbili. Ikiwa kweli dada wanne wamesafiri pamoja na kila mmoja amenunua sare yake, kila mmoja ana mzigo wake na ankara yake, na hilo ni halali. Ikiwa ni kuwapa wageni wa basi wabebe kwa niaba yake, ankara ni moja na nguo ni za rangi moja, na afisa aliyeona mbinu hiyo mara mia haihitaji mashine kuigundua. Tena hakuna anayeweza kumlazimisha mgeni kurudisha nguo akishuka Mutwanga.

Kasindi sasa

Tangu Goma kuingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, uongozi wa serikali wa mkoa wa Kivu Kaskazini umehamia Beni, na uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa. Kwa wakazi wa Beni na Butembo, njia ya Uganda kupitia Kasindi, iliyokuwa kubwa tangu zamani, imekuwa ya lazima zaidi. Barabara yenyewe imejua mashambulizi, na wasafiri wengi hutaka kufika Beni kabla ya jioni.

Haraka hiyo ndiyo inayogharimu pesa mezani. Anayefika Kasindi saa kumi jioni, benki ikikaribia kufunga na dereva akipiga honi, hana muda wa kuuliza kiwango wala kugawa kilo za valizi mbili. Anayelala Bwera au Kasese na kuvuka asubuhi analipa chumba cha usiku mmoja, lakini anapata siku nzima ya kusoma karatasi yake.

Mama wetu wa mfano, aliyeanza na dola 1,000 za thamani, bado ana kazi moja. Miongoni mwa nguo 12, moja ni yake, na jozi moja ya viatu ni yake pia, kwa kuwa naye atasimama upande wa bibi harusi. Hizo ni dola 90. Zikitambuliwa kuwa vitu vyake binafsi, pamoja na dola kumi za usafiri wake, dola 100 zinatoka kwenye thamani. Anabaki na 900. Mara 2,300 ni faranga 2,070,000. Ushuru ni 414,000. TVA ni asilimia 16 ya 2,484,000, yaani 397,440. Jumla ni faranga 811,440, badala ya 901,600.

Ili afike hapo, alihitaji kuvaa viatu vyake tangu Kampala, kuitoa nguo yake kwenye mfuko wa dukani, na kumjibu afisa kwa ukweli alipoulizwa: "Hapana, Papa. Moja ni yangu. Kumi na moja ni za harusi, na ankara yake hii hapa."